Kanieneo: kusoma bar na psi kwenye geji moja

Kanieneo ni istilahi ya vitabu vya fizikia, na imeundwa kwa maneno mawili: kani na eneo. Maana yake imo ndani yake. Ni kani inayosukuma, ikigawanywa kwa eneo inalolisukuma. Gereji fundi huiita presha, mtabiri wa hali ya hewa huiita mgandamizo, na hospitalini tunasikia shinikizo. Yote yanaeleweka, lakini kanieneo ndilo linalomsaidia zaidi anayetazama geji yenye duara mbili za namba, moja ya bar na nyingine ya psi, kwa sababu linamkumbusha kwamba kila kipimo cha namna hii kina kani juu na eneo chini.

Psi ni kifupi cha pauni kwa inchi ya mraba. Pauni hapa ni ile ya uzito, ambayo wazee wetu waliita ratili, yaani gramu 454 hivi. Bar imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzito. Kwa tahajia yetu ingekuwa baa, lakini neno hilo tayari lina kazi nyingine mbili katika Kiswahili, kwa hiyo katika maandishi ya ufundi ni salama kubaki na alama ileile inayosomeka kwenye geji.

Bar 1 ni sawa na uzito wa kilo 1.02 kukandamiza kila sentimeta ya mraba. Inchi ya mraba ina sentimeta za mraba 6.45, kwa hiyo bar hiyohiyo inaikandamiza inchi nzima kwa kilo 6.58. Gawanya kilo hizo kwa uzito wa pauni moja, utapata 14.5. Ndiyo maana bar 1 ni psi 14.5. Bila kikokotoo, zidisha bar kwa 15, kisha toa nusu ya namba uliyoanza nayo. Kurudi kutoka psi hadi bar, gawanya kwa 14.5.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kazini. Tuseme kijana anaosha magari Busisi, upande wa Sengerema, karibu na daraja lililozinduliwa Juni 2025 na kuchukua nafasi ya kivuko cha kwenda Kigongo. Malori ya Geita yanamfikia na tope la safari. Mashine yake imeandikwa bar 150. Mpira wa zamani umepasuka, na dukani ameuziwa mwingine ulioandikwa psi 2000. Kwa macho tu, 2000 ni kubwa mno kuliko 150, na anaweza kudhani amepata mpira wenye nguvu za ziada. Hesabu inasema vingine: 150 mara 15 ni 2250, toa 75, inabaki 2175. Mashine ikifunguliwa hadi mwisho inauzidi mpira kwa psi 175.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha mpira na kuchukua wa psi 3000, ambao ni kama bar 207. Ya pili ni kuishusha mashine. Psi 2000 ni bar 138, lakini asiiweke hapo hasa, kwa kuwa kila anapoachia kichochezi cha bunduki, maji yaliyokuwa yakienda mbio husimama ghafla na kanieneo kupanda kwa kitambo kidogo juu ya kiwango alichoweka. Akiweka bar 120, ambazo ni psi 1740, anabakiwa na nafasi ya kutosha. Kwa rangi ya gari hata bar 100 zinatosha. Mtumbwi wa mbao ukiletwa kuoshwa ashushe zaidi na asimame mbali, maana maji makali yakielekezwa kwenye maungio huing'oa kalafati, na chombo kitakachorudi ziwani kitakuwa kinavuja.

Kiwango huwekwa maji yakiwa yanatoka. Funga nozo utakayofanyia kazi, washa mashine, bana kichochezi, soma geji, kisha zungusha kitasa cha valvu ya kudhibiti presha kidogo kidogo. Namba inayoonekana baada ya kuachia kichochezi si ya kazi: katika mashine nyingine huanguka, katika nyingine hubaki juu kwa sababu maji yamenaswa ndani ya mpira. Ikiwa mashine iliyokuwa ikifika bar 120 sasa inakomea 90, usikimbilie kukaza kitasa. Angalia kwanza nozo. Tundu lake likilika na kupanuka, maji hupita kwa urahisi na kanieneo hushuka. Ukikaza valvu kisha siku ya pili ukafunga nozo mpya, kanieneo itaruka juu ya kiwango cha mpira.

Kwenye regyuleta ya gesi ya kuchomelea, kuchanganya duara mbili za geji kuna hatari kubwa zaidi. Fundi mkuu akimwambia mwanafunzi wake, "Asetilini weka tano," anakusudia psi 5, ambayo ni kama bar 0.34 na inatosha kwa kazi nyingi za bati. Mwanafunzi akitazama duara ya bar na kufikisha mshale kwenye 5, ameweka psi 72 na nusu. Mpaka wa asetilini nje ya mtungi ni psi 15, takriban bar 1. Ikivuka hapo, gesi hiyo inaweza kuvunjika yenyewe na kulipuka hata bila oksijeni. Mtu anaweza kuuliza mbona geji ya upande wa mtungi husoma hadi psi 250. Ndani ya mtungi asetilini imeyeyushwa katika asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vitundu vidogo kama sponji, na hali hiyo ndiyo inayoituliza. Ikishapita regyuleta, haina tena kinga hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mtungi, legeza kabisa skurubu ya regyuleta, simama kando ya geji, fungua valvu taratibu, kisha kaza skurubu huku ukitazama duara moja tu uliyoichagua. Eneo jekundu kwenye geji ya asetilini limechorwa kwa ajili ya mpaka huo wa psi 15.

Bar 1 pia isichukuliwe kuwa ndiyo hewa inayotuzunguka. Hilo hukaribia ukweli pwani. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Busisi hukandamiza kwa bar 0.88 hivi. Geji za mashine na regyuleta hazidaiwi hesabu hiyo, kwa kuwa huanza sifuri kwenye hewa ya mahali zilipo na kuonyesha kilichozidi tu. Ziwe Busisi au Tanga, 14.5 ni ileile.

Anayeandika maelekezo kwa Kiswahili, iwe ukutani gereji au kwenye kijitabu cha mashine, aandike hivi: kanieneo ya kazi, bar 120 (psi 1740). Namba na kipimo chake vikae pamoja, na anayefundisha aseme "psi tano", asiseme "tano".