Konsoli ya Michezo katika DMZ ya Ruta

Eneo lisilo na majeshi, linaloandikwa DMZ kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, ni jina lililoazimwa kutoka mikataba ya kusitisha vita, kama ule wa Korea wa mwaka 1953. Katika mitandao ya ofisi, ni sehemu iliyotengwa ya kuweka seva zinazofikiwa na watu wa nje, huku ukuta wa ulinzi ukizizuia kuzifikia kompyuta za ndani. Ruta nyingi za nyumbani hulitumia jina hilo kwa jambo jingine kabisa: mawasiliano yote yanayoingia kutoka nje bila kuombwa, na yasiyo na kanuni nyingine, hupelekwa kwenye anwani moja ya ndani. Utengano haupo. Kwa ruta hizo, “kifaa kilichoachwa wazi” ni tafsiri ya kweli zaidi.

Mchezaji huikimbilia DMZ pale Xbox yake inapoonyesha NAT ya aina ya Strict na kushindwa kuungana na wenzake. Mara nyingi tatizo huisha. Lakini sasa kasoro yoyote katika huduma inayosikiliza ndani ya konsoli inaweza kujaribiwa na mtu yeyote mtandaoni, na akifanikiwa, anakuwa ndani ya mtandao mmoja na simu na kompyuta za nyumbani.

Hatari kubwa zaidi, na isiyotajwa sana, iko kwenye anwani. DMZ huelekezwa kwenye namba, mathalani 192.168.1.20. Konsoli ikizimwa wakati familia imesafiri, muda wa kuazima namba hiyo huisha, na ruta yaweza kuipa kompyuta ya mgeni. Tangu hapo kompyuta hiyo ndiyo iliyo wazi, pamoja na mlango wa 445 wa kugawana mafaili, uleule uliotumiwa na WannaCry Mei 2017. Kinachobaki kuilinda ni ukuta wake wenyewe. Dalili ni ndogo: konsoli ikiwashwa tena hupewa namba nyingine, na NAT hurudi kuwa Strict.

Kwa hiyo kwanza zima DMZ, kisha itengee konsoli anwani ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC. Baada ya hapo fungua mlango unaohitajika tu. Kwa Xbox, mlango mkuu ni UDP 3074. UPnP hurahisisha kazi, kwani konsoli huomba yenyewe kufunguliwa mlango, ila programu yoyote ya ndani nayo yaweza kuomba. Ruta inayoruhusu UPnP kwa anwani moja tu ndiyo bora.

Iwapo anwani ya nje inayoonekana kwenye ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hapo DMZ haisaidii chochote, wala kufungua mlango. Aombwe anwani ya umma.