Mdai wa Mirathi: Anayelipwa Kabla ya Warithi

Katika misiba mingi ya Tanzania, kabla watu hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba kama kuna mtu aliyekuwa anamdai marehemu, au aliyekuwa anadaiwa na marehemu, awaone wanafamilia. Tangazo hilo halichukui hata dakika moja, lakini limebeba kanuni nzito ya sheria ya mirathi: mali ya marehemu ina watu wa kuijia kwanza, nao si watoto wake. Sheria inamwita kila mmoja wao mdai.

Neno hili lina mitego yake. Katika Mahakama za Mwanzo, mdai ni yeyote aliyefungua shauri la madai, na aliyeshtakiwa ni mdaiwa. Katika mirathi maana yake ni nyingine. Mdai wa mirathi ni yule ambaye, siku marehemu anakata roho, alikuwa na haki ya kulipwa naye, awe amefika mahakamani au hajafika. Baadhi ya watu hutumia neno mkopeshaji, lakini hilo ni jembamba mno. Benki na kikundi cha VICOBA walikopesha, sawa. Kibarua aliyepalilia shamba na hajalipwa, duka lililotoa mbolea kwa ahadi ya kulipwa baada ya mavuno, na hospitali iliyomtibu marehemu hawakukopesha fedha hata senti moja, lakini wote ni wadai. Kiswahili cha kale cha pwani kilikuwa na jozi nzuri zaidi, mwia na mwiwa, yaani anayedai na anayedaiwa. Jozi hiyo leo inasikika kwa nadra, kwa hiyo istilahi inayofaa ni mdai wa mirathi, ikitamkwa nzima. Sehemu yake ya pili ndiyo inayotuambia deni liko wapi: anayedaiwa sasa si mjane, si mtoto wa kwanza wala ukoo. Inayodaiwa ni mirathi yenyewe.

Anayewajibika kulipa kwa niaba ya mirathi ni msimamizi. Mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na kazi ya msimamizi imeandikwa katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Mpangilio wake hauna utata: akusanye mali ya marehemu pamoja na madeni ambayo marehemu alikuwa anawadai wengine, alipe madeni ya marehemu na gharama za usimamizi, na baada ya hapo agawe kilichobaki kwa wanaostahili. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inayotumika katika mahakama za juu, inasema hivyohivyo. Kwa Waislamu mfuatano huo ni wa tangu zamani: mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi moja, kisha warithi. Aya za mirathi katika Sura An-Nisaa zinarudia kwamba mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Ingawa wasia umetajwa kwanza, wanazuoni wamekubaliana kwamba deni ndilo linalotangulia kulipwa.

Tuone jinsi kanuni hii inavyofanya kazi kwa mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa mahindi anafariki nyumbani kwake Lizaboni, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Songea. Ameacha mke, watoto wanne na nyumba. Kikao cha ukoo kinampendekeza mdogo wake kuwa msimamizi. Wanaandika muhtasari, wanachukua cheti cha kifo, wanapeleka maombi mahakamani. Tangazo linabandikwa, muda wa pingamizi unapita, na anateuliwa. Kuanzia siku ya uteuzi ana miezi minne ya kuwasilisha mahakamani Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Mahakama inaweza kumwongezea muda akiomba. Fomu hiyo ina pande mbili, na ule wa madeni una uzito uleule wa upande wa mali.

Upande wa mali, ukiacha nyumba, unasomeka hivi: benki kuna shilingi 2,400,000. Ghalani kuna magunia 60 ya mahindi yanayouzika kwa 60,000 kila moja, yaani 3,600,000. Pikipiki inathaminiwa 1,500,000. Wateja waliochukua mahindi kwa mkopo wanalipa 500,000. Jumla ni shilingi 8,000,000. Fedha za rambirambi hazimo humo, kwa kuwa walipewa wafiwa baada ya kifo na hazikuwahi kuwa mali ya marehemu.

Sasa upande wa pili. Gharama za mazishi ambazo hazijalipwa ni 700,000, na gharama za kuendesha mirathi ni 200,000. Hizi 900,000 hutoka kwanza. Kisha wanakuja wadai: vibarua 300,000, hospitali 450,000, duka la pembejeo 2,100,000. Kikundi cha VICOBA kinadai 900,000, lakini marehemu alikuwa na hisa za 400,000 humohumo, kwa hiyo kinachodaiwa baada ya kukata hisa ni 500,000. Wadai hawa wanne wanafikia 3,350,000. Ukijumlisha na zile 900,000, jumla ya kulipa ni 4,250,000. Kinachobaki ni shilingi 3,750,000 na nyumba, na hapo ndipo hesabu ya mafungu ya mke na watoto inapoanza. Mtoto anayesema baba ameacha milioni nane hajakosea kujumlisha. Amekosea kudhani kwamba zote ni za kurithi.

Bado kuna benki, ambayo marehemu alikopa na kubakiza 5,000,000. Msimamizi asiikimbilie kulipa, wala asiikimbie. Mikopo mingi ya benki huwa na bima ya maisha ya mkopaji, na kama masharti yametimizwa, kampuni ya bima hulipa baki la mkopo. Kwa hiyo hatua yake ya kwanza ni kupeleka cheti cha kifo benki mapema, kuomba taarifa ya mkopo na kuuliza kwa maandishi kama una bima. Familia isiyouliza inaweza kulipa deni ambalo tayari lilikuwa na mlipaji.

Tuseme bima haikuwepo. Madeni ya wadai yanapanda hadi 8,350,000, na pamoja na zile 900,000 jumla inakuwa 9,250,000. Mali isiyo nyumba ni 8,000,000, kwa hiyo pengo ni 1,250,000. Hapa ndipo ugomvi huanza, kwa kuwa nyumba imeingia hatarini. Warithi wana njia mbili halali. Ya kwanza ni nyumba kuuzwa, wadai kulipwa, na warithi kugawana chenji. Ya pili ni warithi kuchangishana 1,250,000 kwa hiari yao ili waikomboe nyumba. Njia isiyokuwepo ni kugawana nyumba na kuwaacha wadai wakitazama. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshaamua kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya warithi wote ndipo auze mali ya mirathi. Akiwa na sababu halali kama hii, mrithi mmoja hawezi kumfunga mikono. Hata hivyo msimamizi mwenye busara huita kikao, huonyesha hesabu, na huomba maelekezo ya mahakama kabla ya kuuza.

Na kama nyumba haipo kabisa? Mirathi hiyo imefilisika, na kanuni inageuka kuwalinda warithi. Baada ya mazishi na gharama zinabaki 7,100,000 za kulipa 8,350,000. Mwenye dhamana, kwa mfano benki iliyoshikilia rehani, anajilipa kwanza kutoka katika mali ile aliyoishikilia, na wale ambao sheria imewapa kipaumbele wanafuata. Wengine hugawiwa kwa uwiano. Kama wote wangekuwa daraja moja, kila anayedai shilingi moja angepata kama senti 85. Zile senti 15 hazimfuati mjane dukani kwake, wala hazikatwi kwenye mshahara wa mtoto, labda awe alisaini mkopo huo kama mdhamini au mkopaji mwenza. Mrithi anapokea salio. Salio likiwa sifuri anapokea sifuri, lakini halishuki chini ya hapo.

Kuna mtu mwingine ambaye hakosekani. Siku ya arobaini anatokea jirani akisema alimpa marehemu 3,000,000 kwa mkono, bila karatasi. Msimamizi asimfukuze, kwa kuwa deni la mdomo nalo ni deni, na asimlipe kwa kumwonea haya, kwa kuwa fedha anazotoa si zake. Amwombe ushahidi: miamala ya simu, mashahidi waliokuwepo, daftari la marehemu. Wakishindwa kuelewana, Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinaipa mahakama iliyomteua msimamizi mamlaka ya kuamua maswali ya ulipaji wa madeni ya marehemu, pamoja na kuuza mali kwa ajili ya kuwalipa wadai. Mdai hana haja ya kukamata ng'ombe wala kumtishia mjane. Mlango wake ni msimamizi, na kama hajateuliwa, mdai anayo haki ya kutaka ateuliwe.

Mambo huharibika mapema, na dalili zake zinaonekana. Pikipiki imeshachukuliwa na mmoja wa ndugu kabla ya uteuzi. Mahindi yameuzwa na hakuna risiti. Fomu Na. 5 imejazwa upande wa mali tu, na kwenye madeni pameandikwa hakuna, wakati kila mtu mtaani anajua marehemu alichukua mbolea kwa mkopo. Msimamizi anayegawa mali kwanza na kuwaambia wadai kwamba hakuna kilichobaki amejiweka pabaya. Jedwali la Tano linamtaka afidie hasara aliyoisababishia mirathi kwa kutumia mali vibaya, na mahakama ikiwa na sababu ya kutosha inaweza kutengua uteuzi wake. Deni lililokuwa la mirathi linaweza hivyo kuishia mfukoni mwake.

Kinga yake ni karatasi. Kila mdai anayelipwa asaini, aandike kiasi na tarehe, na arudishe hati au dhamana aliyokuwa ameshikilia. Stakabadhi hizo ndizo zinazojaza Fomu Na. 6, hesabu ya mirathi, inayoonyesha kilichoingia, waliolipwa na kila mrithi alichopata. Mrithi anayetaka kujua kwa nini fungu lake ni dogo kuliko alivyotarajia aombe kuisoma fomu hiyo, aanze na mistari ya wadai, ndipo ashuke hadi kwenye jina lake.