Mfuatano wa matukio kwa saa: istilahi ya meza ya uchunguzi

Malalamiko dhidi ya askari yanapofika kwa mchunguzi, huambatana na video za kamera ya mwilini, ile inayovaliwa kifuani. Kazi ya kwanza ni kuandika nini kilitokea, saa ngapi, kwa kufuatana. Waandishi wengine huita andiko hilo "ratiba ya matukio", jina linalopotosha, maana ratiba hupangwa kabla ya jambo. "Kronolojia" inaeleweka, ila haidai zaidi ya kutangulia na kufuatia. Mimi nachagua "mfuatano wa matukio kwa saa", kwa sababu ugomvi mwingi humo hutokana na saa.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwenye mji wa mashariki mwa Marekani, mwezi Julai. Mlalamikaji anasema aliangushwa chini wakati tayari ana pingu mikononi. Askari wanasema alianguka wakati bado anapambana nao. Kuna kamera mbili, tuziite A na B. Kwenye video ya A, mlalamikaji anaanguka saa 01:16:01Z. Kwenye video ya B, pingu ya pili inafungwa 01:16:05Z. Ukisoma namba zilivyo, alianguka kwanza, akafungwa baadaye. Askari wameshinda.

Lakini kila kamera ina saa yake. Saa hizo husahihishwa kamera inaporudishwa kituoni kuchajiwa na kupakua video, na katikati zinaweza kuachana. Kwa hiyo mchunguzi hutafuta tukio moja lililonaswa na kamera zote mbili. Hapa ni sauti ya redio ya polisi ikitaja namba ya gari: kwa A inasikika 01:15:10, kwa B 01:15:17. B imetangulia kwa sekunde 7. Anatafuta sauti nyingine karibu na mwisho wa video, na tofauti ikiwa ileile, anaipunguza kwenye namba zote za B. Pingu sasa zinafungwa 01:15:58, sekunde 3 kabla ya kuanguka. Namba ya awali haifutwi. Inabaki kwenye safu yake, na iliyosawazishwa inawekwa pembeni, ili wakili wa upande wowote aweze kurudia hesabu.

Herufi Z ni mtego mwingine. Ina maana kwamba saa ni ya kimataifa, UTC, na mashariki mwa Marekani mwezi Julai huwa nyuma yake kwa saa 4. Tukio letu basi lilikuwa 21:16 usiku wa siku iliyotangulia tarehe inayoonekana kwenye video. Shahidi anayezungumza Kiswahili akisema "saa tatu usiku", anasema kweli kabisa. Mkalimani akiandika 3:00, amemgeuza mwongo.

Halafu kuna akiba ya awali. Kamera nyingi hurekodi muda wote bila kuhifadhi. Kitufe kikibonyezwa, zinahifadhi pia sekunde chache zilizopita, mara nyingi 30, na kwa kawaida bila sauti. Baltimore mwaka 2017 akiba hiyo ilimuumbua askari mmoja: alionekana akiweka mfuko wa dawa za kulevya kwenye takataka, akatoka, akawasha kamera, kisha akarudi "kuugundua". Baadaye alitiwa hatiani kwa kutengeneza ushahidi. Kwenye mfuatano, kipindi cha akiba kinaandikwa "hakuna sauti katika rekodi". Ukiandika "askari hakutoa onyo", umedai jambo ambalo video haiwezi kulithibitisha.

Mfuatano hutakiwa uwe "usioegemea upande", na hapo ndipo neno hilo linapata kazi. "Alikaidi" ni hukumu. "Anavuta mkono wa kushoto kuelekea kifuani" ni kinachoonekana. "Alimsukuma" nalo lina nia ndani yake. Heri kuandika kwamba kiganja cha askari kinagusa mgongo wa mlalamikaji, naye anainama mbele. Sentensi inachosha, nakubali, lakini pande zote mbili zinaweza kuitia saini. Kwa sababu hiyohiyo video hutazamwa kwanza kwa kasi yake ya kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba watazamaji wa mwendo wa polepole huona kusudi zaidi katika tendo lilelile.

Mwisho, mianya nayo huandikwa kwa saa. Kamera ya kifuani haioni kila anachokiona mvaaji, na watu wakikabana huona kitambaa tu. Katika mfano wetu, kati ya 01:15:59 na 01:16:01 A imezibwa na koti, na B inaelekea ukutani. Tunajua pingu zilikuwa zimefungwa, tunajua alianguka. Kilichomwangusha hakimo kwenye video yoyote, na mstari huo wa jedwali unasomeka hivi: "Haionekani, tazama maelezo ya mashahidi."