Kusafisha feda na potenshiomita za miksa ya zamani

Kusafisha feda na potenshiomita za miksa ni kazi ya kuondoa vumbi, kutu na grisi kuukuu katika vidhibiti vya sauti, ili visikwaruze au kukata sauti vinaposogezwa. Feda (isichanganywe na fedha) ni kidhibiti kinachotelezeshwa juu na chini. Potenshiomita ya kawaida, ambayo mafundi wengi huiita volyumu, huzungushwa. Miksa iliyotumika ukumbini au kanisani kwa miaka ishirini karibu lazima iwe na vidhibiti vinavyokwaruza. Si kila mkwaruzo unatokana na uchafu, na hapo ndipo wengi hukosea: hupuliza dawa ya kusafishia kila mahali, sauti ikatulia wiki moja, kisha tatizo likarudi.

## Muundo

Feda na volyumu ni kifaa kimoja katika maumbo mawili. Ndani yake mna utepe wa kaboni, au wa plastiki inayopitisha umeme, uliobandikwa juu ya kibao kigumu. Juu ya utepe huo hupita ulimi mdogo wa chuma wenye vidole vyembamba. Ncha mbili za utepe zina miguu yake, na ulimi una mguu wa tatu. Sauti huingia katika ncha moja, ncha nyingine huungwa na ethi, na ulimi huchukua sehemu ya sauti kulingana na mahali uliposimama. Feda nyingi za miksa husafiri milimita 60 au 100, na ukinzani wake mara nyingi ni kilo-omu 10.

Ulimi unapaswa kugusa utepe muda wote. Chembe ya vumbi ikiunyanyua hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, sauti hukatika na kurudi, na sikio husikia "kra". Miji ya pwani huongeza shida hii kwa sababu hewa yake ina unyevu na chumvi, ambavyo hula vidole vya ulimi.

## Vyanzo vitatu vya mkwaruzo

Chanzo cha kwanza ni uchafu. Dalili yake ni mikwaruzo iliyotapakaa katika safari yote ya feda, ambayo hupungua ukiisogeza feda mara ishirini au thelathini bila kusimama. Chaneli iliyokaa miezi bila kutumiwa huwa hivi.

Chanzo cha pili ni kuchakaa kwa utepe. Mwendeshaji wa miksa huiacha feda karibu na alama ya 0 na kuisogeza kidogo kidogo hapo hapo, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kaboni hulika mahali hapo kabla ya kwingine. Mkwaruzo unaotokea sehemu ile ile kila mara, huku sehemu nyingine zikiwa kimya, ni dalili ya kuchakaa.

Chanzo cha tatu hakimo ndani ya feda kabisa. Kabla ya feda huwa kuna kapasita inayoruhusu sauti kupita na kuzuia umeme wa mkondo mnyoofu, yaani ule wa aina ya betri. Kapasita hiyo ikizeeka huvujisha umeme huo hadi kwenye utepe. Tangu hapo kila mguso usio kamili wa ulimi hukata na kurudisha volti hizo, na kelele husikika hata kama feda ni safi.

Vyanzo hivi vinaweza kutenganishwa bila kufungua chochote. Vaa hedifoni, funga chaneli nyingine zote, kisha usogeze feda inayolalamikiwa bila sauti yoyote kuingia. Ikikwaruza sana katika ukimya huo, shuku kapasita kwanza. Kisha ingiza sauti moja isiyobadilika, kwa mfano mlio wa kinanda cha umeme ulioshikiliwa, na usogeze feda polepole. Ikiwa hapo awali ilikuwa karibu kimya na sasa mlio unakatika, kasoro iko kwenye mguso: ama uchafu, ama kuchakaa. Jaribio la kwanza si hukumu ya mwisho, maana saketi inayofuata feda nayo huweza kupitisha mkondo mdogo kwenye ulimi. Uthibitisho hutoka kwenye multimita.

Kwa kipimo hicho miksa huwa imewashwa na iko wazi, hivyo kiachiwe mtu aliyezoea kupima umeme. Sehemu yenye umeme wa ukutani wa volti 230 isikaribiwe. Multimita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, waya mweusi kwenye ethi ya miksa na mwekundu kwenye mguu wa feda unaopokea sauti. Milivolti chache si neno. Zikifika mamia, kapasita inavuja. Baadhi ya miksa kubwa ni tofauti: feda zake hazipitishi sauti, bali hutuma volti ya kuamuru saketi nyingine ipandishe au ishushe sauti. Kukuta volti katika feda hizo si kasoro.

## Kusafisha

Miksa huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, na dakika kadhaa husubiriwa ili kapasita za sehemu ya umeme zijimwage. Vishikio vya plastiki vivutwe kwa kamba au kitambaa kilichopitishwa chini yake. Bisibisi hupasua kishikio au kukwaruza uso wa miksa. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote wa ndani. Vumbi lililolegea liondolewe kwa brashi laini. Pampu kubwa ya gereji haifai, kwani husukuma vumbi ndani ya feda na mara nyingi hutoa matone ya maji.

Kwa volyumu, dawa ya kusafishia viungo vya umeme hupulizwa kupitia uwazi mdogo ulio juu ya miguu yake. Mpulizo mfupi wa sekunde moja unatosha, kisha volyumu izungushwe mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi. Usipulize kwenye mhimili unaoshika kishikio: grisi nzito iliyomo humo huyeyuka na kutiririkia utepe, na volyumu iliyokuwa na kasoro ndogo hupata kubwa.

Feda huhitaji uangalifu zaidi. Dawa kavu inayosafisha kila kitu huondoa pia grisi ya reli ambazo feda hutelezea, na baada ya hapo feda huwa nyepesi mno au hukwama. Kwa hiyo hutumika dawa maalumu ya feda, iliyo na kilainishi chepesi. Mafuta ya WD-40 ya kawaida hayafai ingawa hutuliza kelele papo hapo: huacha utando unaonasa vumbi, na miezi michache baadaye fundi hukuta tope.

Feda iliyochafuka sana hutolewa na kufunguliwa. Ganda lake la bati hushikiliwa na vimasikio vilivyokunjwa. Vinyooshwe taratibu na si zaidi ya lazima, kwa kuwa vikikunjwa mara mbili tatu hukatika. Utepe hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kufuata urefu wa utepe na bila kukandamiza. Mpanguso wa kwanza kutoka na rangi ya kijivu ni kawaida. Kitambaa kikiendelea kutoka cheusi kila mara, acha, kwa sababu sasa unachoondoa ni utepe wenyewe. Vidole vya ulimi visivutwe upande. Tone dogo la grisi hurudishwa kwenye reli, kamwe si kwenye utepe.

Alkoholi na dawa nyingi za kupuliza hushika moto. Miksa iachwe wazi nusu saa mahali penye hewa kabla ya kuwashwa.

## Wakati wa kubadilisha

Kusafisha hakurudishi kaboni iliyolika. Feda ikiwa wazi, utepe utazamwe kwa mwanga wa pembeni: mstari mwembamba unaong'aa ni alama ya kawaida ya njia ya ulimi, lakini mfereji unaoonyesha rangi ya kibao kilicho chini ni mwisho wa feda hiyo. Pima pia ukinzani kati ya ulimi na ncha moja huku ukisogeza polepole, feda ikiwa nje ya saketi, kwani ikiwa ndani vipimo hupotosha. Kwa hili multimita ya mshale ni bora kuliko ya tarakimu: mshale unaoruka huonekana mara moja, wakati tarakimu huchelewa. Feda iliyosafishwa vizuri mara mbili na bado ikakwaruza haina haja ya kusafishwa mara ya tatu.

Mfano ni miksa ya chaneli 16 ambayo chaneli zake 1, 5 na 9 zinakwaruza. Chaneli 5 iko kimya bila sauti, lakini mlio hukatika kila mahali. Ni uchafu, na dawa ya feda inaitibu. Chaneli 9 inakwaruza hata bila sauti, na multimita inaonyesha volti 0.4 kwenye mguu wa feda. Kapasita iliyo kabla yake, ya mikrofaradi 47 na volti 25, inabadilishwa kwa nyingine ya kiasi hicho hicho na volti zisizopungua hizo, bila kugeuza upande wa hasi na chanya. Feda yenyewe haiguswi. Chaneli 1, ya maikrofoni ya msemaji mkuu, hukatika karibu na alama ya 0 tu. Ukinzani wake wa mwisho hadi mwisho ni kilo-omu 10.3, unaoonekana mzuri kabisa, lakini mshale unaruka pale pale kila ulimi unapopita. Kipimo cha ncha hadi ncha hakipiti kwenye ulimi, na mfereji mwembamba hauubadilishi sana. Feda hii inabadilishwa.

Feda mpya ilingane na ya zamani kwa urefu wa safari, nafasi ya matundu ya skrubu, mpangilio wa miguu, ukinzani, na kama ni ya njia moja au mbili. Jambo linalosahaulika ni jinsi ukinzani unavyopanda. Kwenye vifaa vingi vya sasa herufi A, kama katika `A10K`, humaanisha aina ya logi inayofuata usikivu wa sikio, na `B10K` humaanisha inayopanda sawasawa. Vifaa vingine vya zamani vya Ulaya viliandikwa kinyume, kwa hiyo ni salama kupima. Ulimi ukiwa katikati, ile inayopanda sawasawa huonyesha nusu ya ukinzani wote kutoka upande wa ethi, na ya logi huonyesha takriban asilimia 10 hadi 20. Ukiweka B mahali pa A, sauti yote huonekana kuja katika sehemu ndogo ya chini ya safari, na juu yake feda haina kazi.

Feda za miksa zilizoacha kutengenezwa hazipatikani kwa urahisi madukani. Hapo mafundi huhamisha feda ya chaneli isiyotumika, mara nyingi ya 15 au 16, kwenda chaneli ya kwanza, na ile mbovu huenda mwisho. Lehemu ya zamani iondolewe yote kwa pampu ya kunyonyea kabla ya kuvuta miguu. Kuvuta mguu ambao lehemu yake haijatoka kunang'oa njia ya shaba kwenye bodi, na kuitengeneza njia hiyo ni kazi kubwa kuliko feda yenyewe.