Mnyama wa Buluu Asiye na Buluu: Jinsi ya Kumtambua Blaubok Katika Picha za Makumbusho

Katika makumbusho machache ya Ulaya, miongoni mwao yale ya Vienna, Stokholm, Paris na Leiden, amesimama mnyama mmoja ambaye hakuna aliye hai leo aliyepata kumwona akitembea. Waholanzi waliohamia Rasi ya Tumaini Jema walimwita blaubok, yaani beberu wa buluu. Mtaalamu Pallas alimwandika mwaka 1766, na jina lake la kisayansi leo husomwa Hippotragus leucophaeus. Makao yake yalikuwa nyanda za kusini-magharibi ya Afrika ya Kusini, pande za Swellendam, na kufikia mwaka 1800 hivi alikuwa amekwisha kabisa. Ndiye mnyama mkubwa wa kwanza anayenyonyesha kutoweka barani Afrika katika zama zilizoandikwa. Kwa kuwa alitoweka kabla ya ufundi wa kupiga picha kuvumbuliwa, kila picha yake tunayoiona vitabuni ama ni mchoro, ama ni picha ya ngozi iliyokaushwa, ikajazwa na kusimamishwa juu ya ubao.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatukuwa na jina lake, wala si ajabu, kwani hakuishi kwetu. Lakini ndugu zake wawili twawajua vema. Mmoja ni korongo, ambaye mwalimu hana budi kumtenga darasani na korongo ndege na korongo la maji. Wa pili ni palahala, ambaye pengine huitwa mbarapi, na ambaye hata leo yupo katika vilima vya Shimba nchini Kenya na katika mapori mengi ya Tanzania. Undugu huo ndio unaoleta matata. Ngozi ya korongo iliyofifia, au ya palahala mchanga, yaweza kupigwa picha ikaonekana kuwa ya blaubok, na makosa ya namna hii yamedumu kwa vizazi hata ndani ya makumbusho yenyewe.

Na tuanze na rangi, kwa kuwa jina lenyewe latuelekeza huko. Anayetazama picha ya blaubok wa makumbusho akitafuta buluu atatafuta bure. Erna Mohr, mtaalamu wa Kijerumani aliyeandika kitabu kizima juu ya mnyama huyu mwaka 1967, alizichunguza ngozi zilizobaki asiikute rangi hiyo. Wako wanaodhani kwamba buluu hiyo ilikuwa kijivu kilichotokana na mchanganyiko wa nywele nyeusi na nywele za manjano, na wako wanaodhani kwamba ilikuwa ni ngozi nyeusi iliyoonekana kupitia nywele zilizopungua kwa uzee. Lolote lililokuwa, leo tunaona mnyama wa kahawia ya kijivu, pengine wa rangi ya majani makavu.

Yafaa tueleze namna rangi inavyopotea, kwa kuwa haipotei ovyo. Nywele za mnyama hupata rangi kwa melanini ya aina mbili: moja hutoa weusi na kahawia nzito, nyingine hutoa wekundu na manjano. Mwanga ukiipiga ngozi miaka na miaka, weusi huelekea kahawia, kahawia huelekea rangi ya mchanga. Upande wa pili, sehemu nyeupe hazibaki nyeupe. Vumbi na mafuta ya ngozi huzitia umanjano. Kwa hiyo cheusi na cheupe husogeleana mpaka tofauti yao ikawa ndogo mno. Lakini jambo moja halibadiliki: mpaka kati ya sehemu mbili za rangi hauhami. Palipokuwa na mstari pana mstari bado, ijapokuwa umefifia. Ndiyo sababu mwenye kutambua mnyama katika picha ya namna hii haulizi kwanza, "Ana rangi gani?" bali huuliza, "Rangi zimegawanyika wapi?"

Tuchukue basi picha ya mnyama aliyejazwa, aliyepigwa ubavuni, mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma kama mundu, naye amefifia mwili mzima. Kibandiko chake chasema "Rasi". Je, ni blaubok?

Twaanza na uso. Korongo mzima ana kinyago: uso mweusi wenye mabaka meupe mbele ya macho na weupe kuzunguka mdomo. Palahala pia ana uso wenye mistari mikali ya cheupe na cheusi. Blaubok hakuwa na kinyago. Paji lake lilikuwa la kahawia, na mbele ya macho palipauka kidogo tu. Tukiona katika picha yetu kwamba uso ni wa rangi moja, twaweza kushawishika kusema shauri limekwisha. Hapa ndipo wengi walipojikwaa, kwa maana kinyago cha korongo kikipigwa na jua la dirishani kwa miaka mia chaweza kufutika kabisa.

Dawa yake ni kutafuta shahidi wa pili katika ngozi ile ile. Korongo ana shungi jeusi mwishoni mwa mkia. Ikiwa shungi la mkia katika picha bado ni jeusi, au kahawia nzito, na uso hauna dalili yoyote ya kinyago, basi kukosekana kwa kinyago ni kweli, si kazi ya jua. Lakini ikiwa shungi nalo limegeuka rangi ya mchanga, uso mtupu hauthibitishi kitu. Tena inafaa kuomba picha ya upande wa pili. Mnyama wa makumbusho husimama mahali pamoja miaka mingi, na ubavu uliouelekea ukuta huhifadhi kile ambacho ubavu wa dirishani umepoteza. Nyuma ya masikio na upande wa ndani wa mapaja nako mwanga haufiki sana. Pua na midomo tusiitegemee hata kidogo, kwa sababu mafundi walikuwa na desturi ya kupaka rangi sehemu hizo, kila mmoja kwa kadiri alivyodhani.

Baada ya uso twenda kwenye masikio. Ya korongo ni marefu mno, nayo yana vishungi vya nywele nchani. Ya blaubok yalikuwa mafupi zaidi, bila vishungi. Kisha shingo. Korongo na palahala wana nywele ndefu zilizosimama kutoka kisogoni hadi mabegani, na blaubok alikuwa nazo fupi, zisizostahili kuitwa shungi. Hapa nako kuna hadhari. Wadudu hupenda kula nywele za ngozi kuukuu, na ncha za masikio husinyaa zikikauka. Shingo iliyoliwa huonyesha mabaka yasiyo na mpango na visiki vya nywele zilizokatika. Shingo ambayo kwa asili ilikuwa na nywele fupi huonyesha nywele zilizolingana urefu, zenye ncha nzima. Picha iliyopigwa kwa mbali haiwezi kuonyesha jambo hili, na ni haki kuirudisha na kuomba nyingine ya karibu.

Pembe ndizo shahidi mwaminifu kuliko wote, kwani mwanga hauzibadilishi umbo, wala fundi hawezi kuzivuta. Pembe za blaubok zilikuwa za sentimita 50 hadi 60 hivi, nyembamba. Za korongo zaweza kukaribia mita moja, na za palahala dume zaweza kupita mita moja na nusu. Katika picha isiyo na kipimo twalinganisha pembe na kichwa chenyewe: pembe za palahala dume mzima huupita urefu wa kichwa kwa mbali mno. Kimo hakiaminiki hivyo. Blaubok waliojazwa hawazidi sana sentimita 120 mabegani, hali korongo dume aweza kufika 140. Lakini ngozi mbichi huvutika, na fundi wa Ulaya aliyeijaza hakuwahi kumwona mnyama akiwa hai. Alijaza alichodhani.

Hata hivyo pembe nazo zina hila yake: palahala au korongo aliye mchanga ana pembe fupi, nyembamba, na kinyago chake hakijakolea. Yaani ana takriban kila dalili ambayo tumeihesabu kuwa ya blaubok. Kibandiko kilichoandikwa "Rasi" hakituokoi, maana mara nyingi jina la mahali katika vibandiko vya zamani lilikuwa la bandari ambako mzigo ulipakiwa, si la pori ambako mnyama alipigwa. Basi katika picha yetu, ikiwa mkia ni mweusi, uso hauna kinyago, masikio ni mafupi na nywele za shingo ni fupi na nzima, twaweza kuandika "yaelekea ni blaubok". Kama dalili moja tu kati ya hizo imeharibika, twaandika jina la jenasi na kuishia hapo.

Ukali huu wa kwetu si wa bure. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba. Katika makumbusho yote kulihesabiwa vielelezo 16 vilivyodhaniwa kuwa vya blaubok: ngozi, mafuvu na pembe. Watafiti walipata vinasaba kutoka katika vielelezo 10. Ni vinne tu vilivyokuwa vya blaubok kweli. Sita vilivyobaki vilikuwa vya korongo au palahala. Tena katika vile vinne hamkuwa na fuvu hata moja.

Jambo la mafuvu ladai tusimame kidogo. Fuvu halina uso wa rangi, halina masikio, halina nywele za shingo. Aliyelipa jina hakuwa na la kushika ila udogo wake na umbo la mifupa, na tumekwisha ona jinsi udogo unavyodanganya. Kutokana na mafuvu hayo, wataalamu walikuwa wamepima taya na meno, wakayaingiza katika maelezo ya umbo la blaubok. Vipimo vyote vilivyotoka katika fuvu lililothibitika kuwa la mwingine sasa havina budi kufutwa, na hivyo tunajua machache juu ya mnyama huyu kuliko tulivyodhani mwaka 2020.

Limebaki suala la jina kwa Kiswahili. Tumeona baadhi ya watu wakimwita "palahala wa buluu". Sisi twaona heri mwanafunzi aandike blaubok, kama tulivyokwisha pokea majina mengine ya wanyama wa ugenini, kwa sababu neno buluu litamtuma kutafuta katika picha kitu ambacho hakimo. Chini ya picha iliyo na shaka na aandike hivi: "Mnyama wa jenasi ya palahala, ngozi iliyofifia, upande mmoja tu umeonekana, spishi haijathibitishwa." Mwenye picha ya ubavu wa pili ataweza kuendelea kutoka hapo.