Kaida ya majina ya folda: mwaka mbele, siku nyuma

Kaida ya majina ni makubaliano ya watu wa ofisi au kikundi kimoja kuhusu namna ya kuandika majina ya folda. Neno "kanuni" lingekuwa zito mno, kwa sababu kompyuta haimlazimishi mtu: itapokea "Mpya", "Mpya2" na "Mpya ya mwisho" bila kulalamika. Folda yenyewe wengine huiita kabrasha, na maneno yote mawili yanafaa, ilimradi ofisi ichague moja.

Tatizo huanzia kwenye tarehe. Kompyuta inapopanga majina huyalinganisha kuanzia kushoto. Haijui kuwa tarakimu za mwisho ndizo mwaka. Sisi huandika siku kwanza, kwa hiyo katibu wa kikundi cha vikoba atakuta mikutano yake imejipanga hivi:

```
05-03-2024 mkutano
08-04-2023 mkutano
12-01-2022 mkutano
```

Mkutano wa karibuni umetangulia na wa zamani umekaa chini, lakini ni bahati tu: wa tarehe 1 mwaka 2021 ungekaa juu ya yote. Kuandika mwezi kwa jina hakusaidii, maana Agosti itatangulia Januari.

Kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huanza na mwaka kwa tarakimu nne, kisha mwezi na siku kwa tarakimu mbilimbili:

```
2022-01-12_uchaguzi-wa-viongozi
2023-04-08_mkopo-mashine-ya-kusaga
2024-03-05_mgao-wa-faida
```

Sifuri ya mbele isiachwe. Bila hiyo, programu nyingine huweka 2023-10 kabla ya 2023-4, kwa kuwa 1 hutangulia 4. Dirisha la mafaili la Windows huzisoma tarakimu kama namba nzima, hivyo kosa hilo hujificha hadi folda zihamie kwenye programu nyingine. Mkwaju nao hautumiki, kwani Windows haiukubali ndani ya jina.

Tarehe inayoandikwa ni ya tukio lenyewe. Usitegemee ile ambayo kompyuta huiweka yenyewe: ukinakili folda kwenye diski nyingine, tarehe ya kuundwa inaweza kuwa ya siku uliyonakili.

Baada ya tarehe, taja jambo kwa maneno kamili. "MMK" ilieleweka kwa aliyeibuni. "Mkopo-mashine-ya-kusaga" itaeleweka hata kwa katibu ambaye hakuwapo. Kama kifupisho hakiepukiki, weka faili fupi la maelezo ndani ya folda kuu.

Anza na folda za mwaka huu. Za zamani zibadilishe majina polepole, ukiangalia kwanza kama kuna hati au njia ya mkato inayotegemea jina la awali, kwa sababu jina likibadilika kiungo chake kinaweza kukatika.