Ujazo wa zege la ngazi

Ujazo wa zege la ngazi ni kiasi cha zege, kwa mita za ujazo, kinachohitajika kumwaga mkondo mmoja wa ngazi kuanzia kidato cha chini hadi unapoungana na landingi. Hukokotolewa kutokana na idadi ya vidato, kikanyagio, kimo cha kidato, unene wa kiuno na upana wa ngazi. Makala hii inahusu ngazi iliyonyooka ya zege lenye nondo, inayomwagwa papo hapo saiti juu ya boksi la mbao.

Vipimo

Kikanyagio ni upana wa sehemu ya kulaza mguu, unaopimwa kwa ulalo kutoka uso wa kimo kimoja hadi uso wa kimo kinachofuata. Kimo ni urefu wa kupanda kutoka kikanyagio kimoja hadi kingine. Kiuno ni bamba la mteremko linalobeba vidato, na unene wake ndio unaosumbua zaidi. Hupimwa kwa pembe mraba na mteremko, kutoka kona ya ndani ya kidato, pale kikanyagio kinapokutana na kimo cha juu yake, hadi uso wa chini wa ngazi. Haupimwi kwa timazi.

Uwiano wa kikanyagio na kimo huongozwa na kanuni ya msanifu Mfaransa François Blondel wa karne ya 17, kwamba vimo viwili na kikanyagio kimoja vikijumlishwa vilingane na hatua moja ya mtu. Siku hizi jumla inayolengwa mara nyingi ni kati ya milimita 600 na 640.

Kuhesabu vidato

Mkondo wenye vimo 9 una vikanyagio 8 tu, kwa sababu mtu akimaliza kimo cha tisa anakanyaga landingi yenyewe. Katika ukokotoaji wa ujazo, idadi inayotumika ni ya vikanyagio. Kimo cha mwisho kinaingia katika zege la landingi, na anayekijumlisha tena kwenye mkondo analihesabu zege hilo mara mbili.

Ukokotoaji

Ngazi ikitazamwa kwa ubavu, mstari unaopita kwenye kona zote za ndani huigawa sehemu mbili. Juu ya mstari kuna pembetatu za vidato, na chini yake kuna kiuno. Kila pembetatu ina eneo la nusu ya kikanyagio mara kimo. Kiuno ni bamba lenye unene mmoja, na urefu wake kwa kila kidato ni kiegama cha pembetatu hiyo, unaopatikana kwa kanuni ya Pithagora. Ikiwa K ni kikanyagio, M kimo, U unene wa kiuno, P upana wa ngazi, N idadi ya vikanyagio na L urefu wa mteremko wa kidato kimoja, basi:

```
L = √(K² + M²)
V = P × N × (U × L + K × M ÷ 2)
```

Vipimo vyote viwe kwa mita kabla ya kuzidisha. Ujazo wa nondo haupunguzwi.

Mfano

Nyumba ya ghorofa ina mita 3.06 kutoka sakafu hadi sakafu. Kimo cha milimita 170 kinatoa vimo 18, vinavyogawanywa katika mikondo miwili ya vimo 9 yenye landingi katikati. Kikanyagio ni milimita 280, kiuno milimita 150 na upana mita 1.2. Vimo viwili na kikanyagio kimoja vinafika milimita 620, kwa hiyo ngazi inapandika vizuri.

Mteremko wa kidato kimoja ni kipeuo cha pili cha 0.28² + 0.17², yaani mita 0.3276. Kiuno chini ya kidato kimoja kina eneo la 0.15 × 0.3276, sawa na mita za mraba 0.0491. Pembetatu ya kidato ina 0.28 × 0.17 ÷ 2, sawa na 0.0238. Jumla kwa kidato ni 0.0729, na kwa vikanyagio 8 ni 0.5835. Ikizidishwa kwa upana wa 1.2, mkondo unachukua mita za ujazo 0.70. Kati ya hizo, kiuno kina 0.47 na vidato 0.23. Theluthi mbili ya zege, basi, imo kwenye kiuno, na ndiyo sababu kosa dogo la unene wake lina gharama kubwa kuliko kosa la kidato.

Hesabu hii huhakikiwa kwa njia ya unene wa wastani. Kiuno kikipimwa kwa timazi kina unene wa 0.15 × 0.3276 ÷ 0.28, yaani mita 0.1755, ukiongezwa nusu ya kimo, 0.085, unapata 0.2605. Ukizidishwa kwa urefu wa ulalo wa mita 2.24 na upana wa 1.2, jibu ni lile lile 0.70.

Maungio

Fomula haifiki kwenye kona ya chini ya landingi. Ikiwa landingi pia ina unene wa milimita 150, uso wake wa chini uko juu ya uso wa chini wa kiuno kwa takriban milimita 195 pale mkondo unapoishia. Mteremko huendelea chini ya landingi kwa takriban milimita 320 hadi nyuso hizo mbili zikutane, na kabari hiyo inaongeza mita za ujazo 0.04. Mkondo wenye kabari yake ni 0.74. Landingi hupimwa kama slabu ya kawaida.

Vifaa

Wakiongeza asilimia 5 kwa upotevu, wakadiriaji hupata takriban mita za ujazo 0.78. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, ujazo mkavu huchukuliwa kuwa mara 1.54 ya zege lililoshindiliwa, hivyo inahitajika mifuko 5 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.34 na kokoto 0.69. Mhandisi akitaka 1:1.5:3, saruji hupanda hadi mifuko 7. Mkondo huo una uzito wa karibu kilo 1,850, na mirunda lazima iubebe wote hadi zege likomae.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kutumia urefu wa ulalo kwa kiuno badala ya mteremko. Katika mfano huu kiuno kingepungua hadi 0.40, na zege lingeisha kabla ya vidato vya juu kujaa. La pili ni kuzidisha kikanyagio kwa kimo bila kugawa kwa mbili, jambo linaloongeza 0.23 isiyokuwepo.

La tatu ni la hatari, kwa kuwa hujitokeza kwenye boksi. Fundi anayepima milimita 150 kwa timazi hupata kiuno cha milimita 128 tu, na nondo za mhandisi hukosa kina kilichokusudiwa. Hugundulika kabla ya kumwaga kwa kuweka skwea kwenye mbao ya chini na kupima hadi kona ya ndani ya kidato. Dalili nyingine ni zege kubaki zaidi ya hesabu: mkondo ulioagiziwa 0.74 ukajaa kwa chini ya 0.68 una kiuno chembamba.

Ngazi za aina nyingine

Ngazi ya mzunguko haina mteremko mmoja, na fomula hii haiihusu. Ngazi yenye vidato vilivyochomoza mbele huongezewa zege la mchomozo huo.